Urefu wa Mkanda wa Puli Mbili Zisizolingana: Hatari ya Kusahihisha Upande Mmoja

Swali la mada hii huwakuta mafundi wa mashine za kusaga kila wanapobadilisha puli: mkanda uwe na urefu gani? Hoja ninayoitetea ni moja. Puli zinapotofautiana ukubwa, hesabu ya puli zinazolingana hukosea mahali pawili kwa wakati mmoja, na makosa hayo mawili huvutana kinyume. Anayerekebisha kosa la kwanza na kuliacha la pili huishia na jibu baya kuliko yule ambaye hakurekebisha chochote. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu anayeangukia humo si mvivu wa hesabu. Ni mwanafunzi mzuri, anayeikumbuka kanuni ya Pithagoras na kuitumia ipasavyo, kisha akaishia hapo.

Tuchukue kinu cha nyundo kinachoendeshwa na mota ya umeme ya mizunguko 1,450 kwa dakika. Puli ya mota ina nusu kipenyo cha milimita 150 na ya kinu milimita 75, kwa hiyo kinu huzunguka mara 2,900 kwa dakika. Umbali kati ya vitovu ni milimita 500. Vipimo hivi vya puli si vya ukingo wa nje, bali vinachukuliwa pale zinapopita nyuzi za nguvu zilizo ndani ya mkanda. Kama puli zingelingana, mkanda ungekuwa na vipande viwili vilivyonyooka, kila kimoja sawa na umbali wa vitovu, pamoja na nusu mzingo wa kila puli. Tukilazimisha hesabu hiyo hapa, yaani 2C + π(R + r), tunapata milimita 1,706.9.

Sasa tuchore nusu kipenyo cha kila puli hadi pale mkanda unapoanza kuiacha. Mistari hiyo miwili yote inasimama wima juu ya mkanda, kwa hiyo iko sambamba. Tukichora kutoka kitovu cha puli ndogo mstari ulio sambamba na mkanda, tunapata pembetatu mraba: upande wake mrefu kabisa ni 500, upande mmoja mfupi ni tofauti ya nusu vipenyo, yaani 75, na upande uliobaki ndio urefu halisi wa kipande kilichonyooka, √(500² − 75²), ambao ni milimita 494.3. Vipande viwili kwa pamoja vimepungua milimita 11.3. Mwanafunzi wetu mzuri hufika hapa, akaongeza nusu mizingo miwili, akaandika 1,695.5. Lakini pembetatu ileile iliyompa 494.3 inasema pia kwamba mkanda umeinama kwa nyuzi 8.6. Mkanda ulioinama hauwezi kuiacha puli kubwa kwenye nusu mzingo. Unaendelea kuikumbatia kwa nyuzi 8.6 zaidi juu, na kiasi hichohicho chini, huku puli ndogo ikipoteza pembe hizohizo. Pembe ni sawa, ila urefu wa tao si sawa, kwa kuwa puli kubwa inazidisha pembe hiyo kwa 150 na ndogo inaizidisha kwa 75 tu. Puli kubwa inaongeza milimita 45.2, ndogo inapoteza 22.6, na faida inayobaki ni 22.6. Urefu sahihi ni karibu milimita 1,718. Hesabu ya kijinga ilipungua kwa 11, na ile iliyosahihishwa nusu imepungua kwa karibu 23.

Uwiano huo wa moja kwa mbili haukujitokeza kwa bahati ya tarakimu hizi. Tukiita tofauti ya nusu vipenyo d, kufupika kwa vipande vilivyonyooka hupunguza urefu kwa takriban d²/C, na mabadiliko ya kukumbatia puli huongeza takriban 2d²/C. Kinachobaki ni d²/C ya kuongeza, nayo ndiyo inayotupa kanuni ya karakana: L ≈ 2C + π(R + r) + d²/C. Katika kinu chetu nyongeza hiyo ni 11.25, na jibu linatofautiana na lile kamili kwa sehemu 2 tu za mia za milimita.

Je, milimita 23 zina uzito wowote dukani? Mikanda ya V ya aina ya B huuzwa kwa namba, na namba hiyo ni urefu wa ndani kwa inchi. Urefu wa nyuzi huzidi ule wa ndani kwa takriban milimita 40. Tukitoa 40 kwenye 1,718 na kugawanya kwa 25.4 tunapata 66, yaani B66. Jibu la 1,695.5 linatupeleka kwenye B65. Kosa limetuhamisha mkanda mzima.

Fundi mzoefu atapinga hapa kwamba mota imekaa juu ya reli, na inchi moja ya mkanda ni kuisogeza mota milimita 13 tu. Hesabu yake ni sahihi. Lakini nafasi ile ya ndani ya reli ina kazi yake: mota husogezwa ndani ili mkanda uvikwe bila nguvu, kisha hurudishwa nje kuukaza. Mkanda mfupi unaila nafasi hiyo kabla kazi haijaanza. Nafasi ikiisha, mtu huchukua bisibisi au chuma na kuupenyeza mkanda kwa kuuzungushia puli. Nyuzi za ndani hukatika hapo, nje pakionekana pazima, na mkanda mpya baada ya muda mfupi hujipindua ndani ya mfereji au hukatika. Kwa dalili hizo mara nyingi hulaumiwa ubora wa mkanda.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwa nini tusizungushe kamba kwenye puli tukaipima? Njia hiyo inaheshimu jiometria yote bila mtu kuijua. Udhaifu wake ni kwamba kamba hukaa kwenye ukingo, wakati nyuzi za mkanda hupita chini kidogo ya ukingo. Zikipita milimita 3.5 chini, kamba inazidi kwa 2π × 3.5, yaani milimita 22, hata puli ziwe za ukubwa gani. Zaidi ya hayo, kamba inahitaji puli zilizokwisha fungwa, na mwenye kinu kwa kawaida anataka kujua mkanda kabla hajanunua puli.

Wenzetu walimu wa hisabati watauliza kama makadirio yanafaa kufundishwa wakati kanuni kamili ipo: L = 2√(C² − d²) + π(R + r) + 2dα, ambapo α ni pembe ambayo saini yake ni d/C. Naona zifundishwe zote, kanuni kamili kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonyesha masahihisho mawili waziwazi. Tazama mchoro huu mbaya: mtu anaunganisha kilele cha puli kubwa na kilele cha ndogo kwa mstari ulionyooka, akaongeza nusu mizingo. Mstari wake unakata chuma cha puli kubwa, jambo lisilowezekana, lakini 2√(C² + d²) + π(R + r) inampa 1,718.0. Amefanya kosa kwenye sehemu iliyonyooka na kosa kwenye matao, na mawili hayo yamefutana karibu kabisa. Jibu peke yake, basi, haliwezi kumwambia mwalimu kama mwanafunzi ameelewa. Aombe mchoro na pembe.

Makadirio nayo yana mpaka. Puli ya nusu kipenyo 200 na nyingine ya 50, vitovu vikiwa milimita 260 tu, hufanya kanuni ya karakana ipungue karibu milimita 3, kiasi ambacho reli hukimeza bado. Katika mpangilio huo, hata hivyo, mkanda unaikumbatia puli ndogo kwa nyuzi 110 hivi badala ya 180, nao utaanza kuteleza kwenye mzigo kabla hatujawa na sababu ya kulalamikia kanuni.