Ukipoteza kadi yako mbali na kwenu, anzia ku komini unapoishi

Leo tunasema juu ya kadi ya muchaguzi, kwa sababu hapa Kongo ndiyo inatumika kama kitambulisho. Wengi wetu tulirudi kutoka kambi za ukimbizi, tukajiandikisha Fizi ao Uvira, kisha tukashuka Lubumbashi kutafuta maisha. Kadi ikipotea huku, wazo la kwanza ni kurudi kule tuliandikishwa. Gari moshi mpaka Kalemie, kisha mashua juu ya ziwa. Ni pesa nyingi na majuma mengi, na mara nyingi unafika bila karatasi hata moja ya kuonyesha wewe ni nani njiani.

Tuchukue mama mumoja wa kwetu. Alijiandikisha Baraka mu 2023, sasa anakaa Katuba. Sakoshi yake iliibiwa mu soko. Siku ileile alikuwa anangoja pesa za minerval ambazo kaka yake alituma, lakini muagenti alikataa kumupa bila kitambulisho. Mama hakusafiri. Hivi ndivyo alifanya.

Kwanza alienda kwa shefu wa kartie, kwa sababu yule anamujua kama mukaaji. Alimupa karatasi ya kushuhudia kwamba anaishi pale. Kisha alienda ku polisi kutangaza wizi. Hii ni ya maana wakati kitu kimeibiwa: kama mutu mwingine anatumia kadi yako kwa ubaya, karatasi ya polisi inaonyesha tarehe ambayo haikuwa tena mukononi mwako.

Na zile karatasi mbili aliingia ku komini, ku biro ya wakaaji, akaomba atestasio ya kupoteza kitambulisho. Hapa ndipo wengi wanakwama. Karani anauliza: tutajuaje kama ni wewe? Mama alikuwa na bahati, fotokopi ya kadi ilikuwa mu dosie ya shule ya mutoto. Kwa ile fotokopi, karani aliandika namba ya kadi na majina yote matatu, jina, postinomu na prenomu, namna yalivyo ku kadi. Aliyekosa fotokopi anaweza kuleta karatasi nyingine yenye jina lake, kama ile ya kurudishwa kutoka ukimbizini, pamoja na mashahidi wenye kadi zao.

Mbele ya kutoka ku biro, soma atestasio herufi kwa herufi. Kama kadi ilisema Asha na atestasio inasema Aisha, muagenti wa pesa atakukatalia, na kusahihisha nyuma ya mukubwa kutia sahihi ni kazi mupya. Angalia pia muhuri, picha yako na tarehe ya mwisho, kwa sababu ile karatasi inatumika kwa muda mufupi tu. Na uombe risiti ya kila franka unayolipa.

Na ile atestasio, mama alipokea pesa. Lakini atestasio si kadi. Inasema tu kwamba ulitangaza kupoteza, na kuna wenye hawaikubali. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni antene ya CENI iliyo karibu na wewe. Beba atestasio na namba ya kadi, uulize kama duplikata zinatoka sasa, na kama yako inaweza kutoka pale. CENI haitoi duplikata kila siku; mu 2023, mbele ya uchaguzi, ilitoa kwa wenye walipoteza na kwa wenye kadi zao zilikuwa zimefutika. Wewe usipande gari wala mashua mbele ya kupata jibu la antene.

Jambo moja tunakataza kabisa: usijiandikishe mara ya pili kama mutu mupya ili upate kadi mbio. Masini inalinganisha alama za vidole, na sheria inaazibu mwenye kujiandikisha mara mbili. Tena unaweza kupoteza hata ile haki ya kwanza.

Kwa paspoti, mwanzo ni uleule: polisi kwanza, kisha wizara ya mambo ya inje ao ofisi yake mu provense. Aliyepoteza paspoti inje ya inchi aende ku ambasade ya Kongo. Kule wanaweza kumupa karatasi ya kushika nafasi ya paspoti ili arudi.

Sasa tunaomba kila memba alete kadi yake ku mukutano ujao. Sekretari atatoa fotokopi mbili, mbele na nyuma: moja inabaki mu kabati ya shirika, ingine unaitunza nyumbani, siyo mu sakoshi moja na kadi. Wafadhili, mchango wenu ndio unalipa karatasi na wino wa ile kazi.