Sekunde Kumi Kabla ya Filamu Nzima

Ifuatayo ni hotuba ya mchoraji wa filamu za katuni kwa vijana waliomaliza mafunzo ya kidijitali katika kaunti yetu.



Wengi wenu mtaombwa kutengeneza filamu fupi za kuelimisha umma. Mteja atauliza mambo mawili: itakuwa bei gani, na itakuwa tayari lini? Ukijibu kwa kukisia, utaumia. Mimi niliumia. Katika kazi zangu za kwanza nilianza kuchora moja kwa moja, na wiki ya tano mteja akasema hakupenda sura ya mhusika. Nilirudia karibu kila kitu bila malipo.

Tangu hapo sianzi filamu kabla ya kutengeneza sekunde kumi kamili, zenye rangi na mwendo, kama zitakavyoonekana mwishoni. Acheni niwaeleze kwa mfano mmoja.

Tuliombwa filamu ya dakika tano kuhusu kutibu maji ya kunywa nyumbani. Tulikuwa wachoraji wawili na tuliahidi wiki kumi na mbili. Kwa jaribio hatukuchagua sekunde zilizo rahisi. Tulichagua mama akiingia nyumbani na mtungi wa maji, akitoka juani hadi kivulini, anautua, kisha anageuka na kuzungumza na mtoto. Hapo kuna kutembea, kubeba kitu, mabadiliko ya mwanga, na mdomo unaosema. Jaribio la mtu aliyesimama tu halikuambii lolote.

Filamu hutumia fremu 24 kwa sekunde. Tulishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hivyo sekunde kumi zilihitaji michoro 120. Tulikuwa na daftari mezani na tukaandika muda wa kila kazi. Kila mchoro, pamoja na rangi, ulichukua dakika 20. Hizo ni saa 40. Dakika tano ni vipande thelathini vya sekunde kumi, yaani saa 1,200. Sisi wawili tulikuwa na saa 60 kwa wiki. Hesabu ikawa wiki ishirini, nasi tuliahidi kumi na mbili!

Kisha tukatazama kipande chenyewe, kwanza bila sauti, kwenye simu ndogo, nje juani, kwa sababu ndivyo wakazi wengi watakavyokitazama. Tuliona makosa matatu. Maua ya kitenge cha mama yalitetemeka, kwa kuwa mkono hauwezi kuyarudia sawasawa katika kila mchoro. Uso wake ulipotea mbele ya ukuta mweusi wa ndani. Na miguu ilionekana kuteleza, kwa sababu urefu wa hatua haukulingana na mwendo wa ardhi chini yake.

Tulirekebisha. Kitenge kikawa cha rangi moja chenye pindo pana. Ukuta ukawa wa rangi nyepesi. Tulipima hatua upya ili mguu uliokanyaga ubaki palepale. Mama anapozungumza, mwili ukatulia na tukachora mdomo na macho tu. Michoro ilishuka hadi 72, na kila mmoja ukachukua dakika 10: saa 12 kwa kipande. Mara thelathini ni saa 360. Tukaongeza theluthi moja ya marekebisho, zikawa 480, yaani wiki nane. Wiki nne zilizobaki zilikuwa za mandhari na sauti.

Angalieni hapo. Mandhari msiyazidishe kwa thelathini. Jaribio letu lilikuwa na mandhari mawili tu, ya nje na ya ndani, nayo hutumika tena katika sehemu nyingi. Yahesabuni peke yake kutoka kwenye hadithi. Vilevile, kama filamu ina umati sokoni, sekunde kumi za mtu mmoja hazitoshi. Pimeni kipande kifupi cha umati pia.

Mwisho, tuliandika ukurasa mmoja: unene wa mstari, rangi za kila mhusika, idadi ya fremu kwa kila mchoro, na kile ambacho hatutachora, kama vile maua ya nguo. Mteja alitazama kipande, akatia sahihi ukurasa huo, na tukakubaliana kwamba badiliko lolote la sura baada ya hapo litakuwa na bei yake. Wiki ya sita aliomba maua ya kitenge yarudi. Tulimwonyesha hesabu ya saa, naye akaliacha ombi hilo mwenyewe.

Kwa hivyo, ukiulizwa bei, usijibu siku hiyo. Omba wiki moja na malipo ya sekunde kumi. Utakapotaja bei, iwe imetoka kwenye daftari lako.