Kuagua Ndoto za Mauti na Talaka
Mhadhara wa umma uliotolewa Mtendeni, Tabora



Alipata kusema mzee mmoja katika baraza la mtaa huu, ambaye elimu yake naiheshimu na jina lake nalisitiri, kwamba mwaguzi wa ndoto amekabidhiwa amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuificha; kwa hiyo aliyeota jino limeng'oka aambiwe kuna maiti katika jamaa, na mke aliyeota kiatu kimepotea aambiwe talaka iko njiani, apende asipende. Kauli hiyo ina sura ya ukweli, nayo ndiyo iliyonikera hata nikaja hapa leo.

Amana hiyo imepatikana wapi? Atatajwa Ibni Sirini. Lakini Muhammad bin Sirini wa Basra, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, hatumjui kwa kitabu cha ndoto alichokiandika mwenyewe. Vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa baadaye na wengine. Kilichothibiti ni riwaya aliyoipokea kwa Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kuwa ndoto ni namna tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu hujizungumzia. Mwenye kukata hukumu ya jino au kiatu kabla ya kuuliza ndoto ni ya namna ipi, amemkhalifu huyo huyo anayemtegemea.

Tena iko hadithi niipendayo, nanyi mtaniwia radhi nikikaa nayo kitambo, maana yaufaa mji huu. Amepokea Darimi katika Sunani yake kwamba palikuwa na mwanamke wa Madina, mke wa mfanyabiashara msafiri, ambaye kila mume aendapo safari humwacha na mimba, naye huota nguzo ya nyumba imevunjika na kwamba amezaa mtoto chongo. Mtume (S.A.W.) humwagulia kuwa mumewe atarudi salama naye atazaa mtoto mwema, na ikawa hivyo. Siku moja akaja Mtume hayupo, Bibi Aisha akamwambia kuwa ndoto ikisadiki, mumewe atakufa naye atazaa mtoto mwovu. Mwanamke akaketi akilia. Mtume aliporudi akamkanya Bibi Aisha, akaamuru Mwislamu aaguliwe ndoto kwa kheri. Riwaya yamalizia kuwa mume alikufa kweli, na hapo mpinzani wangu hushangilia. Asahau kwamba aliyekanywa hakukanywa kwa kukosea, alikanywa kwa kusema.

Nimesema hadithi hii yaufaa mji huu, kwa kuwa misafara iliyotoka Bagamoyo ilitumia kadiri ya miezi mitatu kufika hapa Unyanyembe, na wengine wakaendelea hadi Ujiji na Manyema, wake zao wakingoja miaka. Mke wa namna hiyo akiota nguzo imevunjika, yatupasa kwanza kushuku namna ya tatu. Najua sanadi ya hadithi ina maneno: Ibni Hajar aliiona njema, wengine hawaridhiki na mpokezi wake Ibni Is-haka. Nimewapima wote; nabaki na Ibni Hajar.

Jirani yangu mmoja, mke wa dereva wa lori la Kigoma, aliota kiatu, akaaguliwa talaka. Akaanza kupeleka vyombo kwa dada yake kidogo kidogo, na kumpigia mumewe simu usiku wa manane amuulize yuko na nani. Mume akaona anatafutiwa sababu, na kabla ya Ramadhani talaka ikatoka. Mwaguzi akaihesabu kuwa ushahidi wake. Ama mauti, jamaa kubwa haikosi msiba kwa mwaka, na meno yaliyootwa yameng'oka bila msiba hakuna ayakumbukaye.

Sisemi mwaguzi aseme uongo. Imamu Maliki alipoulizwa kama yafaa kuagua kwa kheri ndoto ambayo mwaguzi aiona mbaya, alikataa. Akiona shari, kwake, aseme neno jema au anyamaze. Basi na aulize: ulilala na fikira gani, mumeo ameondoka lini, mlikosana? Mke akijibu kuwa matumizi hayajaletwa tangu mwezi jana, jawabu la kweli ni kwamba hofu yake ni ya matumizi, na ampigie mumewe mchana wazungumze hilo. Aliyeamka na hofu isiyo na sababu afundishwe aliyoyapokea Abu Katada: ajikinge kwa Mungu, ateme kidogo kushotoni mara tatu, asimhadithie mtu, nayo haitamdhuru. Ndoto ikirudi kila usiku hata usingizi ukamkimbia, apelekwe kwa daktari. Na pasipojulikana lolote, mwaguzi aseme hajui.

Nanyi mnaokwenda kuaguliwa, nawasihi: mkitajiwa mauti au talaka kabla hamjaulizwa hata swali moja, inukeni, na ada msitoe.