Muulize Yeye Kwanza, Mali Baadaye



Habari kwamba rafiki yako amevamiwa nyumbani ikikufikia, mkono unakimbilia simu. Unaandika haraka: "Pole sana jamani, wamechukua nini?" Nia yako ni njema. Lakini swali hilo linamtaka mtu aanze kuhesabu vitu wakati mwili wake bado unatetemeka. Leo nataka tuutazame ujumbe huo wa pole, sentensi kwa sentensi, kwa sababu unaweza kumsaidia aliyepatwa au kumwongezea mzigo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Tabata, hapa Dar es Salaam, amelala na watoto wake wawili na mdogo wake wa kike. Mume yuko safarini. Saa nane za usiku mlango wa nyuma unapigwa kwa lile jiwe kubwa tunaloliita fatuma. Wanaingia wanaume watatu wenye mapanga, wanawalaza wote kifudifudi sebuleni, wanachukua simu zote, televisheni na pesa za kikoba alizokuwa amepewa kutunza. Kumekucha, majirani wamejaa uani, mjumbe amefika, na yeye anajiandaa kwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa na kupata namba ya RB.

Jambo la kwanza: ujumbe wako unakwenda kwenye simu ya nani? Simu yake iko mikononi mwa wezi. Ukiandika "leo mtalala wapi?" kwenye namba ile, huenda anayesoma ni yule aliyevunja mlango, nawe umemwuliza kama nyumba itakuwa tupu. Basi pitia kwa jirani, kwa mume, au kwa ndugu aliye naye, mpaka uhakikishe laini imefungwa na yeye amepata nyingine. Na habari zake usizimwage kwenye kundi la Watsap la mtaa. Ni zake kuzisema, na kwenye kundi hujui ni nani mwingine anayesoma.

Sasa ujumbe wenyewe. Mimi ningeuandika hivi, nikamwomba jirani amsomee:

"Dada, nimesikia yaliyowapata usiku. Pole sana. Nakuuliza wewe na watoto kwanza: kuna aliyeumia? Kosa si lako hata kidogo. Si lazima unisimulie sasa, wala usijisumbue kunijibu. Jioni nakuja na chakula. Nina fundi wa milango anayeweza kufika leo. Ukikubali, mwambie jirani anitumie neno 'ndiyo' tu. Na ukipenda, nitalala hapo kwenu."

Tuanze na lile swali la kuumia. Mtu aliyejaa hofu anaweza kupigwa asisikie maumivu mpaka saa kadhaa zipite. Aliyegongwa kichwani kisha akawa anatapika, anasinzia ovyo au anaongea asiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri RB. Nawe ishia kwenye kuumia. Usimhoji mwanamke mbele za watu kama "walimfanyia kitu kingine." Akitaka kukueleza faraghani, mwamini, umsindikize hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.

Sentensi inayofuata ni ile ya kosa si lako. Niliiweka kwa sababu siku nzima atasikia maswali: mbona mlango ulikuwa wa mbao? Mbona hamkufuga mbwa? Pesa za kikoba ulizilazaje ndani? Kila swali la namna hiyo linaangukia mahali ambapo yeye tayari anajilaumu. Pesa zile ni za wanawake wenzake, na aibu ya kuwatazama usoni inaweza kumuuma kuliko televisheni. Kama nawe ni mwanachama wa kikoba hicho, mwambie wazi kwamba hesabu itakaliwa siku nyingine.

Utaona pia sikuandika "mshukuru Mungu mko hai." Kumshukuru Mungu ni kwema, naye huenda ameshashukuru alfajiri ileile. Lakini neno hilo likitoka kwako, linaweza kusikika kama amri ya kunyamaza. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na miongoni mwa maneno wanayotukataza kumwambia aliyepatwa na janga ni kwamba ajione ana bahati kuwa amenusurika. Mwongozo huohuo unatuonya tusimshinikize kusimulia. Ndiyo maana ujumbe unasema si lazima unisimulie. Hebu fikiria: ameeleza kwa mjumbe, ameeleza kwa polisi, ameeleza kwa mashemeji. Akikusimulia kwa hiari yake, msikilize mpaka mwisho. Akinyamaza, kaa naye hivyohivyo.

Halafu kuna ahadi tunayopenda kuitoa: "Usiogope, hawarudi tena." Usiitoe, hujui. Watafiti waliofuatilia taarifa za polisi katika mji wa Saskatoon, Kanada, waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa ilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, hasa katika mwezi wa kwanza, kisha hatari ikapungua. Mji ule si Tabata, lakini sababu inaeleweka: mwizi amekwisha kuijua njia, na anajua alichokiacha. Kwa hiyo hofu ya dada yetu ina akili ndani yake. Jibu lake ni mlango kutengenezwa kabla jua halijazama, taa ya nje kuwaka, na mtu mzima mwingine kulala ndani ya nyumba. Fundi na komeo vinatuliza roho kuliko ahadi.

Kwa sababu hiyo msaada katika ujumbe umetajwa kwa jina: chakula, fundi, kulala pale. Tukisema "ukihitaji chochote niambie," tunamwachia kazi ya kufikiri anachohitaji na kisha kukiomba, naye hana nguvu hizo. Ukimpa kitu kinachojibiwa kwa neno moja, umemwachia uamuzi bila kumchosha.

Wiki ya kwanza utamwona anashtuka bodaboda ikipita, anakagua komeo mara nne, anawafokea watoto kwa jambo dogo. Mtoto aliyekwisha kuacha anaweza kuanza tena kukojoa kitandani. Asichapwe, naye alilazwa kifudifudi usiku ule. Kwa watu wengi hali hii hupungua siku zinavyokwenda. Lakini mwezi ukipita naye bado halali, tukio linamrudia kana kwamba linatokea upya, au hawezi kuingia chumba fulani, msindikize kwa daktari au mshauri nasaha.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Siku ya kwanza ua unajaa watu na mikeka. Siku ya kumi hakuna anayepiga hodi, na usiku ni mrefu vilevile. Kwa hiyo ukimaliza kutuma ujumbe wa kwanza, jiwekee kumbukumbu ya kutuma wa pili baada ya wiki moja, mfupi tu: "Dada, usiku unalalaje siku hizi?" Akisema halali, beba kanga zako na mswaki, nenda ukalale kwake.