Kupeleka dawa ya virusi kwa kle: kompyuta ya Djugu

(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, Bunia)



Mnajua ile kompyuta ya biro ya Djugu, yenye liste ya familia zilizorudi. Haina mtandao, lakini virusi vinaingia tu, maana watu wanaleta kle zilizopita siberi hapa mjini. Defender, antivirusi ya Windows, haitambui virusi vya leo kama maarifa yake ni ya mwaka jana.

Basi hapa Bunia tunashusha kwenye tovuti ya Microsoft faili inayoitwa mpam-fe.exe, zaidi ya megabaiti 100. Iko ya biti 64 na ya biti 32; tunachukua ile ya mashini ya Djugu. Tunaiweka kwenye kle tupu, halafu tunachukua alama yake, herufi na tarakimu 64, tunaiandika kwenye karatasi. Kle inaenda na moto, karatasi inabaki kwetu.

Kule Djugu, mbele ya kubonyeza faili, mwenzetu anafungua PowerShell katika folda ya kle na kuandika:

```
Get-FileHash .\mpam-fe.exe
Get-AuthenticodeSignature .\mpam-fe.exe
```

Mstari wa kwanza unatoa alama. Anatusomea kwa simu. Wa pili unaonyesha kama sahihi ya Microsoft ingali nzima: lazima aone Valid. Alama inatuambia faili haikubadilika njiani. Sahihi inatuambia nani aliitengeneza. Moja haichukui nafasi ya nyingine, maana alama ya faili bandia nayo ingelingana vizuri na karatasi yetu.

Safari moja alama ilikataa, na sahihi ikasema HashMismatch. Tukauliza. Kumbe njiani kle ilichomekwa siberi, barua ichapwe! Kirusi kilikuwa kimejibandika ndani ya faili yenyewe. Hatukuifungua. Tulisafisha kle, tukashusha upya, tukachukua alama mpya, kwani Microsoft hubadilisha faili hiyo kila siku na alama ya zamani haifai tena.

Faili ikiwa nzima, anaibonyeza kwa ruhusa ya administreta. Hapo watu wanachanganyikiwa: haionekani kitu. Hakuna dirisha, hakuna neno "tayari". Ukikosea biti, au antivirusi ingine imezima Defender, kimya kinaweza kuwa kilekile. Kwa hiyo tunauliza mashini:

```
Get-MpComputerStatus | Select AntivirusEnabled, AntivirusSignatureLastUpdated
```

Tunataka True, na tarehe ya juzi au jana. Tarehe ikibaki ya zamani, kazi haijafanyika, hata kama mwenzetu anaapa alibonyeza.

Faili hii haizibi matundu ya Windows yenyewe. Hayo yana faili zao za kila mwezi, nazo tunazibeba vilevile. Ila kle ya kazi hii sasa ina utepe mwekundu, na haiingii siberi tena.