Nani Alikuwepo, Saa Ngapi: Kuandika Akidi na Mahudhurio katika Baraza la Kata

Mada kwa makatibu wa Mabaraza ya Kata



Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Mabaraza ya Kata yalikuwa yakisikiliza na kuamua migogoro ya ardhi. Rufaa zilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Huko juu mashauri mengi yalifutwa hata pale ambapo hakuna aliyeulaumu uamuzi wenyewe. Jaji alifungua mwenendo wa shauri asijue ni akina nani waliokaa kusikiliza. Majina hayakuandikwa, au yaliandikwa bila jinsia, au orodha ya siku ya ushahidi haikufanana na ya siku ya uamuzi. Wadaawa wakaambiwa waanze upya, na nauli walizokwisha kutumia hakuna wa kuwarudishia.

Leo kazi ya Baraza katika ardhi ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, Baraza linathibitisha hivyo kwa maandishi, na mdaawa anakwenda wilayani na uthibitisho huo. Zikipita siku 30 bila suluhu, anaweza kwenda bila uthibitisho. Kwa hiyo mahudhurio mnayoandika ndiyo yanayoonyesha kwamba kikao mnachokithibitisha kilifanyika kweli, tena kikiwa na watu wanaotakiwa.

Akidi ipi?

Hapa watu huchanganya namba mbili. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 inataka Baraza liwe na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na akidi ya kikao ni nusu ya wajumbe wote. Sheria ya mwaka 2002 inayohusu mahakama za migogoro ya ardhi inataka watatu kati ya wajumbe hao wawe wanawake. Katika usuluhishi, kifungu cha 14 kinataka wakae wajumbe watatu, angalau mmoja wao mwanamke. Mwenyekiti ndiye anayewachagua, pamoja na yule atakayeongoza kikao.

Baraza lenye wajumbe wanane, basi, linahitaji wanne kwa kikao chake cha kawaida na watatu kwa usuluhishi wa ardhi. Lakini wanaume watatu si akidi ya usuluhishi, hata wakiwa ndio wajumbe hodari kuliko wote. Katibu hahesabiki, maana si mjumbe. Mtendaji wa kata aliyepita kusalimia naye hahesabiki. Majina yenu muyaandike chini ya kichwa cha peke yake, "Katibu", mbali na orodha ya wajumbe. Katibu akiingia kwenye orodha ya wajumbe, msomaji wa baadaye atauliza kama naye alishiriki kuamua.

Siku moja ya kikao

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenyekiti amewachagua wajumbe watatu: A (me), B (me) na C (ke). A ndiye atakayeongoza. Wito unasema saa 3:00 asubuhi. Saa hiyo A na B wapo, mdai na mdaiwa wapo, C hayupo. Saa 3:15 mdai ana haraka, anaomba waanze "kwa kusalimiana tu".

A asianze. Katibu aandike: "Saa 3:00 asubuhi, wajumbe waliopo ni A (me) na B (me). C (ke) hajafika. Akidi haijatimia, kikao hakijafunguliwa." C anafika saa 3:50. Mstari unaofuata unasema: "Saa 3:50 asubuhi C (ke) aliingia. Wajumbe waliopo ni watatu, akidi imetimia. A alifungua kikao saa 3:55." Na kama mdai alikwisha kuanza kueleza mipaka ya shamba kabla ya C kuingia, maelezo hayo yarudiwe mbele ya wote watatu, na katibu aandike kwamba yamerudiwa. Aliyechelewa hawezi kusuluhisha jambo ambalo hakulisikia.

Tungekuwa na wajumbe watano katika kikao cha kawaida, na mmoja akachelewa huku wanne wapo, kikao kingeanza bila taabu. Hata hivyo saa aliyoingia ingeandikwa, pamoja na ajenda iliyokuwa ikijadiliwa. Bila hiyo, itaonekana alipigia kura jambo lililoamuliwa kabla hajafika.

Sasa saa 5:20, shahidi wa mdaiwa akiwa katikati ya maelezo, B anapigiwa simu ya msiba. Msiba ni msiba, hakuna wa kumzuia. Lakini akitoka, wanabaki wawili na akidi imevunjika. Wengi wetu hapa huendelea, kwa hoja kwamba mwanzoni akidi ilitimia. Akidi ya mwanzoni haiwabebi hadi jioni. Iandikwe: "Saa 5:20 asubuhi B (me) aliomba ruhusa na kuondoka kwa ajili ya msiba. Wajumbe waliobaki ni A (me) na C (ke). Akidi imevunjika. Maelezo ya shahidi wa kwanza wa mdaiwa yamesimama alipokuwa akieleza kuhusu mti wa mpaka. Kikao kimeahirishwa." Kisha tarehe ya kuendelea, ambayo lazima iangaliwe kwa zile siku 30.

Je, B asipoweza kurudi? Mimi nashauri mwenyekiti amchague mjumbe mwingine kwa maandishi, wadaawa waelezwe siku ya kikao, na maelezo yaliyokwisha kutolewa yasikilizwe upya. Kumsomea mgeni daftari ni haraka zaidi, lakini msuluhishi anayesoma daftari haoni nyuso za wanaogombana, na katika usuluhishi uso ni nusu ya habari.

Kuhusu saa: simu zinaonyesha 9:50, sisi tunasema 3:50. Chagueni mtindo mmoja kwa daftari zima na kila mara muandike asubuhi, mchana au jioni. Nimeona kumbukumbu ambamo mjumbe aliondoka kabla ya kuingia.

Udhuru

Udhuru ni taarifa iliyofika kabla ya kikao kufunguliwa. Andikeni nani aliyeutoa, kwa njia gani, na sababu kwa ufupi: "Mjumbe D (ke) alitoa udhuru kwa simu kwa Mwenyekiti jana jioni, anauguza." Asiyetoa taarifa aandikwe "hayupo, bila taarifa", hata kama ni mzee wa heshima. Akileta sababu wiki ijayo, iandikwe katika kumbukumbu za wiki ijayo. Msirudi nyuma kumsafishia jina. Udhuru unamwondolea mtu lawama, haumwingizi kwenye akidi. Wenye udhuru watano na wajumbe watatu waliopo ni wajumbe watatu.

Dalili za daftari bovu

Dalili ya kwanza ni orodha moja ya wajumbe iliyobandikwa mwanzoni mwa faili na kutegemewa kwa vikao vyote. Kila tarehe iwe na orodha yake, majina kamili, jinsia na sahihi. "J. Baraka" haimwambii jaji kama ni mwanamume au mwanamke, na Baraka tunao wa pande zote mbili. Dalili ya pili ni maneno "na wajumbe wengine", ambayo hayana mtu ndani yake. Ya tatu ni sahihi zote kwa wino mmoja na mwandiko unaofanana, ishara kwamba ziliwekwa siku moja baadaye.

Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andikeni lililo sahihi pembeni, kisha aliyeongoza kikao na katibu watie sahihi na tarehe ya siku ya kusahihisha. Wino mweupe wa kufutia usikae mezani kwa katibu.

Mwisho wa kikao, msomeeni kila mjumbe mstari wake kabla hajatia sahihi: aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi. Wadaawa nao watie sahihi mahudhurio yao, maana mara nyingi anayekwenda wilayani kudai kwamba kikao hakikuwa na mwanamke ni yule yule aliyekaa naye benchi moja asubuhi nzima.