Orodha ya Akaunti na Vituo vya Gharama katika Shirika Dogo: Jina la Mfadhili Likae Wapi?

*Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahasibu na waratibu wa miradi wa mashirika madogo yasiyo ya kiserikali, Morogoro. Maoni ni ya mtoa mada na si msimamo wa waandaaji.*

Utangulizi na maana ya maneno

Waandaaji wameniomba nianze na maana ya maneno, nami nitafanya hivyo haraka kwa sababu wengi wenu mnaishi nayo kila siku. Orodha ya akaunti ni majina na namba za mahali pote ambapo muamala unaweza kuandikwa kwenye leja. Kwa desturi namba zinazoanza na 1 ni mali, 2 ni madeni, 3 ni mfuko wa shirika, 4 ni mapato na 5 ni matumizi. Kituo cha gharama ni sehemu ya kazi ambayo matumizi yake yana mtu wa kuyajibia. Msimbo ni namba inayowakilisha kimojawapo kati ya hivyo. Ninasema "msimbo" kwa makusudi. Tukizoea kusema "kodi", yatatukuta yaliyonikuta mimi: mjumbe mmoja wa bodi aliposikia tuna kodi mpya kumi na nne, alitaka kujua kama TRA wana taarifa.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inatudai ripoti kila mwaka, na wafadhili nao wana zao. Hayo yameelezwa vizuri na waliotangulia. Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja ambalo nimepambana nalo kwa miaka mingi: tabia ya kuingiza jina la mfadhili au la mradi ndani ya akaunti yenyewe.

Tatizo lenyewe

Shirika moja nililowahi kulifanyia kazi, na ambalo sitalitaja, lilikuwa na ofisi mbili, gari moja na akaunti 214. Siku moja mweka hazina aliuliza swali la kawaida kabisa: mwaka huu tumetumia kiasi gani kwa mafuta? Nilichapisha urari na kukuta haya:

```
6021  Mafuta
6034  Usafiri - Elimu
6047  Mafuta ya gari (Maji)
6052  Dizeli
6071  Gharama za gari
6088  Mafuta jenereta Kilosa
```

Nilijumlisha nikapata shilingi milioni 11.4. Kesho yake nikapata 14.9, kwa sababu niligundua kwamba mafuta yaliyonunuliwa kwa masurufu ya maafisa yalikuwa yameandikwa "Semina" na kwamba "Gharama za gari" ilichanganya mafuta na matairi. Majibu yote mawili yalitoka kwenye leja iliyobalansi na iliyokwisha kukaguliwa. Mkaguzi hakuwa na kosa. Kila senti ilikuwa na risiti, ila hakuna aliyeweza kusema ilikwenda wapi.

Hali hii haiji kwa uzembe. Mkataba mpya unasainiwa ukiwa na bajeti yake. Afisa mradi anakuja na karatasi mkononi: "Mhasibu, nifungulie akaunti kama zilivyo hapa, ripoti isinisumbue." Ni ombi la busara, na mhasibu anafungua akaunti kumi na mbili. Mwaka unaofuata anakuja mfadhili wa pili anayeita "usafiri" kile ambacho wa kwanza alikiita "ufuatiliaji", na zinafunguliwa nyingine tisa. Mikataba inakwisha, akaunti zinabaki. Mhasibu mgeni anaona "Mafuta ya gari (Maji)", hajui kwamba mradi ulishafungwa, naye anaingiza humo mafuta ya gari kwa kuwa jina linafanana.

Lipo lingine ambalo tunalisema kwa sauti ya chini. Akaunti ikishabeba jina la mfadhili, uamuzi wa wapi gharama iandikwe unaanza kufuata salio. Mwisho wa robo mwaka swali linakuwa "nani bado ana hela?" badala ya "gari lilikwenda wapi?" Nimeketi kwenye vikao hivyo. Siwalaumu walioketi nami, ila naomba tusiziite hizo ripoti.

Maswali matatu, namba tatu

Kila shilingi inayotoka ina maswali matatu yanayojitegemea: imenunua nini, imetoka kwenye fedha za nani, na imefanya kazi ya nani. Akaunti ijibu la kwanza tu. Mfuko ujibu la pili, na kituo cha gharama kijibu la tatu. Tuseme shirika lenye mradi wa elimu na mradi wa maji limejipanga hivi: akaunti 5310 ni mafuta ya magari, mfuko 11 ni fedha zetu wenyewe, 12 ni za mfadhili wa elimu, 13 ni za mfadhili wa maji, kituo 10 ni utawala, 20 ni elimu, 30 ni maji.

Sasa tuchukue muamala mmoja. Tumelipa kituo cha mafuta shilingi 640,000 kwa lita 200. Daftari la safari linaonyesha gari lilitembea kilomita 1,600: kilomita 1,000 kwa kazi za maji, 400 za elimu, na 200 za kwenda benki na ofisi ya wilaya. Kilomita moja imegharimu shilingi 400. Hati ya malipo inagawanywa hivi:

```
5310-13-30   400,000
5310-12-20   160,000
5310-11-10    80,000
```

Mweka hazina akiuliza habari ya mafuta, anajumlisha 5310 na anapata 640,000. Mfadhili wa maji akiuliza fedha zake, tunachukua mfuko 13. Msingi wa mgawanyo ni daftari la dereva, ambalo liliandikwa kabla hatujajua nani ana salio.

Wengi hunipinga hapa. Mfuko 13 na kituo 30 si kitu kimoja? Kwa nini tuandike mara mbili? Nijibu kwa mfano. Mfadhili wa maji amekataa kulipa posho za kamati za vijiji, lakini bila kamati hizo visima havisimamiwi. Tumelipa 300,000 kutoka fedha zetu. Msimbo ni 5420-11-30: posho, fedha zetu, kazi ya maji. Ripoti ya mfadhili inabaki safi, kwa sababu inasoma mfuko 13 tu. Bodi nayo inayosoma kituo 30 kwa mifuko yote inaona gharama halisi ya mradi wa maji, pamoja na kile tunachouchangia kimyakimya. Mashirika mengi hayajui kiasi hicho, ndiyo maana yanasaini mkataba wa pili kwa masharti yaleyale yaliyoyaumiza.

Majina ya mfadhili yaende wapi basi?

Yaende kwenye jedwali la ulinganisho, nje ya leja. Mstari wa bajeti ya mfadhili wa maji unaoitwa "Usafiri na ufuatiliaji" unalingana na akaunti 5310, 5320 na 5410 za mfuko 13. Mkataba mpya unakuja na jedwali jipya na namba moja mpya ya mfuko, basi. Akaunti haziguswi. Mkataba ukiisha, mfuko unafungwa usipokee muamala, na mafuta yanaendelea kuwa 5310.

Jedwali lina kipimo chake. Jumla ya ripoti ya mfadhili lazima ilingane na jumla ya matumizi ya mfuko huo kwenye urari. Ripoti ikipungua, kuna akaunti haijapangiwa mstari. Ikizidi, kuna akaunti imepangiwa mistari miwili.

Jedwali linagonga mwamba pale akaunti moja inapostahili kwenda mistari miwili. Posho za mafunzo ziko mstari mmoja wa bajeti, posho za ufuatiliaji mwingine, na zote kwetu ni 5420. Kishawishi cha kufungua 5421 "Posho mafunzo Maji" hapo ni kikubwa, na ndipo ugonjwa unaporudi. Tugawe kituo: 31 mafunzo, 32 ufuatiliaji, vyote chini ya 30. Kituo kinagawanywa kwa kazi na kinaweza kufa na kazi hiyo. Lakini tusigawe mpaka pawepo mtu wa kukijibia na mstari wa bajeti unaokidai. Shirika la watu wanane lenye vituo arobaini limebadilisha tu mahali pa vurugu.

Tahadhari kwa wanaotumia Excel

Wenye QuickBooks wataweka kituo kwenye `Class`. Wenye Tally watakikuta chini ya `Cost Centre`. Wenye Excel, ambao ndio wengi humu, waweke namba tatu katika safu tatu, kamwe si katika kisanduku kimoja. Nililijua hili kwa aibu. Niliandika 5310-12-20 na Excel ikaielewa kuwa tarehe 20 Desemba ya mwaka 5310. 5310-13-30 ikaiacha kama maandishi, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Nusu ya safu yangu ikawa tarehe, nusu maneno, na jumla ikakosa kila nilichokitafuta. Kwa sababu hiyohiyo mifuko yangu inaanzia 11 na si 01. Excel huimeza sifuri ya mwanzo. Safu zikishatengana, hesabu ni rahisi:

```
=SUMIFS(G:G,B:B,5310,C:C,13,D:D,30)
```

Mapendekezo

Kwanza, akaunti isibebe jina la mfadhili, mradi, ofisi wala mtu. Nimekwisha kulisema na nitalisema tena wakati wa maswali.

Pili, msimbo uandikwe kwenye hati ya malipo kabla ya malipo, na afisa aliyeomba fedha, mhasibu akihakiki. Msimbo unaoandikwa mwisho wa mwezi na mtu ambaye hakuwa safarini ni wa kubahatisha. Marejesho ya masurufu yafuate utaratibu huohuo, risiti kwa risiti, na yasiingie yote chini ya "Semina".

Tatu, mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kufungua akaunti, na asiwe yule anayeandaa ripoti ya mradi. Naelewa kwamba katika mashirika mengine ni mtu huyohuyo. Basi mweka hazina atie saini.

Nne, kila akaunti iwe na maelezo ya mistari miwili: nini kinaingia, nini hakiingii. "5310: petroli na dizeli ya magari na pikipiki. Matairi ni 5320. Jenereta ni 5230."

Tano, "Mengineyo" isomwe kila mwezi. Kitu kikitokea humo mara ya tatu kina haki ya akaunti yake.

Sita, gharama za pamoja zigawanywe kwa kipimo kilichokubaliwa mwanzoni mwa mwaka: mafuta kwa kilomita, pango kwa vyumba, mshahara wa mhasibu kwa karatasi ya muda wa kazi. Kipimo kisibadilishwe kwa sababu mfadhili fulani amebakiza hela.

Saba, mabadiliko yaanze siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Akaunti za zamani zisifutwe, maana mkaguzi atazitaka. Zifungwe, na kila moja iandikiwe namba mpya iliyochukua nafasi yake.

Nane, na hili ni la kwanza kwa sura nyingine: mfadhili akisisitiza kuwa na akaunti zenye majina yake, apelekewe jedwali la ulinganisho na ripoti ya mfano. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa. Wengi walikubali, mmoja alikataa, na huyo tulimfungulia, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Baada ya chai tutagawanyika vikundi vitatu. Kila kikundi kitoe urari mmoja halisi, kikizifuta namba za benki, na kipige mstari mwekundu chini ya kila akaunti yenye jina la mfadhili. Kalamu nyekundu ziko kwa katibu.